Sabuni ya Kenya, Mnunuzi wa Uganda, na Bei ya Watu Baki

Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Kenya ilitoa hukumu katika kesi iliyoanza na bidhaa za kawaida kabisa za nyumbani. Unilever Kenya ilikuwa ikitengeneza bidhaa na kuziuzia Unilever Uganda, kampuni ndugu yake. Mamlaka ya Mapato ya Kenya ilipozikagua hesabu za 1995 na 1996 ikaona kwamba bei aliyotozwa ndugu huyo ni ya chini kuliko ile waliyotozwa wanunuzi wengine, wa ndani na wa nje. Ikaidai kampuni kodi zaidi.

Dai lenyewe lina mantiki. Kampuni mbili za mwenye mali mmoja zinapouziana, hakuna anayebembeleza bei wala anayeogopa kupunjwa. Bei ikishushwa, faida inahama kutoka kwa muuzaji na kuibukia kwa mnunuzi, ng'ambo ya mpaka, na kodi inaifuata huko. Ndiyo maana sheria ya kodi ya mapato ya Kenya, kifungu cha 18(3), ilitaka faida ihesabiwe kama vile wanaouziana ni watu baki, wasio na undugu wowote wa kibiashara. Kanuni hii ndiyo inayofuatwa katika sehemu kubwa ya dunia.

Shida ni kwamba kifungu kilisema lengo tu. Namna ya kuipata bei hiyo hakikuitaja.

Tuchukue tarakimu za mfano, si za kesi yenyewe. Katoni ya sabuni inagharimu shilingi 1,000 kutengenezwa. Kwa mwenye duka wa Nakuru inauzwa 1,500, kwa kampuni ndugu Kampala 1,100. Mkaguzi anaona shilingi 400 zimepotea. Lakini ili sabuni ifike kwenye rafu ya Nakuru, kiwanda kimelipia matangazo ya redio, malori na mishahara ya wauzaji. Tuseme 350 kwa katoni. Kwa mzigo wa Kampala gharama hizo anazibeba mnunuzi mwenyewe. Ziondoe, na bei ya Nakuru inayolinganishika inakuwa 1,150. Pengo la 400 limebaki 50.

Hoja ya Unilever ilikuwa ya namna hiyo: kazi zinazofanywa kwa wateja hao hazilingani, kwa hiyo bei nazo haziwezi kulingana. Yenyewe ilikuwa imetumia njia ya gharama pamoja na nyongeza, mojawapo ya njia zilizomo katika mwongozo wa OECD, jumuiya ya nchi tajiri. Kwa njia hii unaanza na gharama ya kutengeneza, kisha unaongeza faida ambayo kiwanda huru kingeitaka kwa kazi kama hiyo. Ikionekana viwanda huru huongeza kati ya asilimia 8 na 12, basi 1,100 katika mfano wetu, yaani nyongeza ya asilimia 10, haina kasoro.

Mamlaka ilijibu kwamba mwongozo wa OECD si sheria ya Kenya. Jaji Alnashir Visram hakuikubali hoja hiyo. Kwa kuwa Kenya haikuwa na mwongozo wake, aliona kampuni haiwezi kulaumiwa kwa kufuata kanuni zinazokubalika kimataifa, akayafuta madai. Kwa maoni yangu alikuwa sahihi: huwezi kumwadhibu mtu kwa kukosea njia ambayo hukuwahi kumwonyesha. Serikali ilielewa, na kanuni za Kenya zilizotaja njia zinazoruhusiwa zikaanza kutumika Julai 1, 2006.

Kanuni hizo hazikumaliza ugomvi. Njia ya gharama inaharibika kirahisi sana pale gharama yenyewe inapochezewa. Ukisahau, au ukijisahaulisha, uchakavu wa mitambo wa shilingi 100, ile asilimia 10 inahesabiwa juu ya 900 na bei inashuka hadi 990, huku karatasi zikionyesha nyongeza ileile. Mkaguzi mzoefu huanza kwa kuuliza ni gharama zipi zimejumlishwa. Na viwanda huru vya kulinganisha navyo ni haba katika nchi zetu. Mara nyingi watu huangukia takwimu za kampuni za Ulaya, ambako mishahara, riba na hatari za biashara ni tofauti kabisa. Ndipo hapo mabishano yanapogeuka ya wataalamu dhidi ya wataalamu, kila upande na jedwali lake.

Kuna na upande wa pili wa mpaka. Tuseme Kenya inashikilia kuwa bei halali ni 1,150. Ile 50 iliyoongezwa inatozwa kodi Nairobi. Lakini Kampala bado inahesabu kwamba mnunuzi alilipa 1,100, kwa hiyo 50 hiyohiyo imo katika faida yake na inatozwa kodi tena huko. Inatoka mara mbili tu endapo Uganda haitakubali kurekebisha hesabu zake, na Uganda haina sababu ya kufanya hivyo kabla haijaridhika kwamba bei ya Kenya ndiyo ya watu baki.