Kwa Nini Lita 400? Kuandika Maelezo ya Bajeti Katika Ombi la Ruzuku

Katika maombi mengi ya ruzuku, chini ya mstari wa mafuta ya gari utakuta maneno kama haya: "Mafuta, shilingi 2,000,000. Usafiri ni muhimu sana katika kuhakikisha kwamba shughuli za mradi zinatekelezwa kwa ufanisi na kwa wakati." Sentensi haina kosa la lugha na anayeisoma hawezi kuikataa. Lakini haimwambii mfadhili kitu chochote ambacho hakukijua kabla ya kufungua andiko. Anajua gari haliendi bila mafuta. Asichokijua ni kwa nini milioni mbili, na si moja wala tatu.

Hapo ndipo maelezo ya bajeti yanapowashinda waombaji wengi. Wanatetea shughuli, wakati shughuli ilishatetewa kurasa kumi nyuma. Kinachohitaji utetezi katika sehemu hii ni kiasi. Kila mstari una maswali matatu ya kujibu: idadi hii imetoka wapi, bei hii imetoka wapi, na kama gharama inabebwa na miradi zaidi ya mmoja, kwa nini mradi huu ubebe fungu hili. Wafadhili wanayataja maswali hayo kwa namna zao. Kanuni za ruzuku za serikali ya Marekani, kwa mfano, zinataka gharama iwe ya lazima, iwe ya kiasi ambacho mtu makini angekubali kulipa, na ihusike na mradi kwa kadiri mradi unavyonufaika nayo.

Tuchukue mfano. Taasisi ndogo wilayani Chemba, mkoani Dodoma, inaomba fedha za mwaka mmoja kuwafundisha wakulima wa mahindi wa vijiji vinne namna ya kukausha na kuhifadhi nafaka ili isishikwe na sumukuvu. Taasisi hiyo ni ya kubuni, na bei nitakazotumia ni za kufanyia hesabu tu. Tatizo lenyewe ni la kweli: mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Habari hiyo ina nguvu, na mwandishi atatamani kuitaja kwenye kila mstari. Mahali pake ni kwenye maelezo ya tatizo. Vifo havielezi kwa nini mafuta yawe lita kadhaa, na mchambuzi akivikuta hapo atahisi kwamba anasukumwa asihesabu.

Basi tuhesabu mafuta. Vikundi vya wakulima hukutana kila baada ya wiki mbili, na afisa mradi anafundisha siku ya mkutano. Kwa hiyo safari ni mbili kwa mwezi. Mwezi wa kwanza ni wa maandalizi na mwezi wa mwisho ni wa kuandika taarifa, inabaki miezi 10, yaani safari 20. Mzunguko wa vijiji vinne na kurudi ofisini ni kilomita 160, na gari la taasisi, kwa mujibu wa daftari lake la safari, linakwenda kilomita 8 kwa lita kwenye barabara hizo. Jumla ni kilomita 3,200, sawa na lita 400. Tukichukua shilingi 3,000 kwa lita, tunapata 1,200,000.

Maelezo yenyewe sasa yanaweza kuandikwa hivi: "Safari 20 za kufundisha vikundi (2 kwa mwezi kwa miezi 10), kilomita 160 kila moja, kwa gari linalotumia lita 1 kwa kilomita 8 kwa mujibu wa daftari la safari: lita 400. Bei ni shilingi 3,000 kwa lita, kutokana na bei kikomo ya EWURA kwa wilaya hii mwezi wa kuandaa bajeti." Ni sentensi mbili. Mchambuzi anaweza kuchukua kalamu na kufika kwenye namba ileile bila kumpigia mtu simu.

Angalia pia kilichotokea kwa ile milioni mbili. Laki nane zimeyeyuka. Waombaji wengi huzidisha kwa makusudi wakitarajia mfadhili atakata. Mimi siikubali desturi hiyo hata kidogo, na sababu yangu si ya maadili peke yake. Fedha isiyo na hesabu nyuma yake haina wa kuitetea siku ya majadiliano, na ikionekana kwenye mstari mmoja, mchambuzi huanza kuitafuta kwenye mistari yote. Kama unahofia mafuta kupanda bei, sema hivyo waziwazi na uweke ongezeko lako mahali linapoonekana, kama mfadhili anaruhusu. Wapo wanaoruhusu fungu la dharura kwa ukomo na wapo wanaolikataza kabisa, na mwongozo wao husema.

Mshahara ndio mstari wenye fedha nyingi na maelezo hafifu kuliko yote. Kwa kawaida huandikwa: "Afisa mradi, asilimia 50, atasimamia utekelezaji wa kila siku." Asilimia 50 imetoka wapi? Mara nyingi imetoka kwenye pengo: mfadhili mwingine analipa nusu, huyu naye abebeshwe nusu iliyobaki. Mchambuzi mzoefu analijua hilo. Dawa ni kuanza na siku. Kila mzunguko unachukua siku mbili, kwa hiyo afisa yuko vijijini siku 4 kwa mwezi. Kuandaa masomo na kuwasiliana na viongozi wa vijiji, siku 4. Kukusanya takwimu za vikundi na kuandika taarifa ya mwezi, siku 3. Jumla ni siku 11 kati ya 22 za kazi. Hapo asilimia 50 imezaliwa na kazi yenyewe. Miezi miwili isiyo na safari ielezwe pia, kwa sababu kazi yake ni nyingine na msomaji atauliza.

Kwa mshahara wa shilingi 1,200,000 kwa mwezi, nusu yake kwa miezi 12 ni 7,200,000. Juu yake kuna mchango wa mwajiri, na hapa Tanzania Bara hauachwi kwenye mafungu ya "mengineyo": asilimia 10 kwa NSSF, ambayo ni 720,000, na asilimia 0.5 kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambayo ni 36,000. Taasisi yenye wafanyakazi 10 au zaidi itaangalia pia tozo ya kuendeleza ufundi stadi. Taja viwango hivyo kwa majina yake. Ukiandika "makato ya kisheria" peke yake, msomaji hawezi kujua kama ni fungu la mwajiri au la mfanyakazi, na la mfanyakazi tayari limo ndani ya mshahara; ukiliongeza tena umelipisha mara mbili. Hakikisha vilevile kwamba mafungu ya mtu mmoja kwa wafadhili wake wote hayapiti mia. Asilimia 50 hapa na 70 kule hugunduliwa na mkaguzi wa hesabu, wakati fedha zimeshatumika.

Kuna mstari mwingine hapa ambao ni mdogo lakini unafundisha: vipima unyevu vinne. Mahindi ya kuuzwa yanapaswa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5 kwa kiwango cha Afrika Mashariki, na mkulima hawezi kuupima kwa jicho. Haja ya kifaa ni dhahiri. Swali ambalo mchambuzi atauliza ni kwa nini vinne, kwani kimoja kisingezunguka na gari? Maelezo yanayosema kwamba "vifaa vitaongeza ubora wa mazao" hayamjibu. Yanayomjibu ni haya: "Kimoja kwa kila kijiji, kwa sababu vijiji vyote vinne vinavuna ndani ya wiki zilezile na wakulima hupima mara kadhaa hadi mahindi yakauke, ilhali kifaa kimoja kingefika kijijini mara mbili tu kwa mwezi." Kisha bei: profoma ya muuzaji gani, ya tarehe ipi, na kama kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 imo ndani au la. Kipengele hicho cha mwisho kikisahaulika, vifaa vinne hugeuka vitatu siku ya kununua.

Kwa kupima maelezo yako mwenyewe, funika jina la mstari kwa mkono na usome maneno yaliyo chini yake. Kama huwezi kutambua kama yanahusu mafuta, mshahara au vifaa, futa yote uanze upya. Sentensi ya "utekelezaji kwa ufanisi na kwa wakati" inakaa chini ya mstari wowote, ndiyo maana haitetei hata mmoja. "Vifaa mbalimbali", "gharama za uratibu" na "bei ya soko" nazo zinaanguka kwenye jaribio hilihili. Soko lipi, na nani aliuliza bei?

Hilo halina maana kwamba kila mstari unastahili aya. Kwa kalamu na madaftari ya 60,000, sentensi moja inatosha. Urefu ufuate ukubwa wa fedha na uwezekano wa mtu kushangaa. Tena, kwa gharama zisizo za moja kwa moja, pale mfadhili anapokubali asilimia maalumu, huna haja ya kueleza umeme na mlinzi kimoja kimoja. Jambo la kuangalia ni kwamba kodi ya ofisi isiwe ndani ya asilimia hiyo na wakati huohuo iwe na mstari wake.

Halafu soma mistari kwa pamoja, kwa kuwa namba moja huishi sehemu nyingi. Safari 20 zimo kwenye mafuta, zimo kwenye siku za afisa, na zimo kwenye posho ya kulala: afisa na dereva, usiku mmoja kila safari, jumla usiku 40. Kwa posho ya 60,000 kwa mujibu wa kanuni za fedha za taasisi, hiyo ni 2,400,000. Mtu mmoja akiandika mafuta na mwingine akaandika posho, utakuta safari 20 hapa na 24 pale. Mchambuzi atajua kwamba hakuna aliyesoma bajeti yote kabla ya kuituma.

Sasa tuseme mfadhili ameipenda kazi lakini anataka bajeti ipungue. Mwenye milioni mbili za "ufanisi" atakata asilimia fulani kila mstari na kuomba Mungu. Taasisi ya Chemba inaweza kuangalia kalenda. Katika miezi 5 ambayo mahindi bado yako shambani, vikundi vinaweza kutembelewa mara moja kwa mwezi badala ya mbili. Safari zinabaki 15, mafuta lita 300, usiku wa posho 30. Zimepungua 300,000 kwenye mafuta na 600,000 kwenye posho, na siku za afisa kwa miezi hiyo zinahesabiwa upya. Vipima unyevu vinabaki vinne, maana wiki za mavuno hazijabadilika.