Kisa cha Degedege katika Kufundisha Uzingativu wa Utamaduni kwa Wanafunzi wa Uuguzi

Makala haya yanafafanua namna kisa kimoja cha degedege kinavyoweza kutumika kuwafundisha wanafunzi wa uuguzi kuzingatia utamaduni wa mgonjwa bila kulegeza tiba. Degedege limechaguliwa kwa kuwa hukutanisha masuala matatu ambayo aghalabu hufundishwa mbalimbali: chakula, mamlaka katika familia na nafasi ya mganga wa jadi.

Katika maeneo mengi ya pwani ya Tanzania, degedege huhusishwa na shetani au ndege wa usiku, ilhali hospitalini mtukutiko huohuo huweza kuwa dalili ya malaria kali. Baadhi ya wazazi huamini pia kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Imani hiyo haikuzuka bure. Mtoto aliyetibiwa kwanza nyumbani kwa mafukizo huweza kufika hospitalini akiwa amechelewa, akachomwa sindano, kisha akafariki. Familia huona sindano na kifo vikifuatana, lakini saa zilizopotea kabla ya hapo hazionekani.

Kisa wanachopewa wanafunzi ni cha kubuni. Mtoto wa miaka 3 mwenye kilo 12 analetwa kituoni na mama yake na bibi mzaa baba. Ana homa tangu jana, amevaa hirizi mkononi, ananukia moshi wa mafukizo na anatukutika mfululizo. Baba yuko safarini. Bibi anasema, "Asichomwe sindano." Mama yuko kimya.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha hatari na mjadala. Mwanafunzi anatarajiwa kulinda njia ya hewa, kupima sukari ya damu na kutoa diazepamu kupitia njia ya haja kubwa, miligramu 0.5 kwa kila kilo, yaani miligramu 6 kwa mtoto huyu. Dawa hiyo huingizwa kwa bomba lisilo na sindano. Bibi akiliona bomba tu, atadhani amepuuzwa. Kwa hiyo muuguzi humwonyesha kwanza kwamba halina ncha. Kwa tendo hilo dogo, tiba inaanza na uaminifu haupotei.

Kipimo kinapothibitisha malaria, sindano haiepukiki. Artesuneti hutolewa miligramu 3 kwa kila kilo kwa mtoto aliye chini ya kilo 20, hivyo huyu hupata miligramu 36 mara moja, kisha baada ya saa 12 na saa 24. Wanafunzi wengi humgeukia mama, kwa kuwa ndiye mzazi. Hapo hukosea, kwani mama hawezi kukubali mbele ya mkwewe jambo ambalo mkwewe amelikataa. Muuguzi huanza na bibi: "Shikamoo, bibi. Mtukutiko umetulia. Sasa tunatibu malaria iliyomo katika damu, na dawa yake ni ya sindano. Ugonjwa umeshakuwa mzito, anaweza kuzidiwa hata tukishamchoma." Sentensi ya mwisho haipaswi kuachwa, kwa sababu mtoto akifariki bila familia kutahadharishwa, sindano ndiyo itakayolaumiwa. Hata hivyo, mazungumzo haya hufanyika dawa ikiandaliwa, hayaisimamishi.

Baada ya hapo wanafunzi huyapanga mambo ya kisa katika mafungu matatu yaliyopendekezwa na Madeleine Leininger: ya kuhifadhi, ya kuafikiana na ya kubadilisha. Hirizi huhifadhiwa, ila huhamishiwa mkono mwingine ikiwa inazuia mshipa. Kuhusu mganga, huafikiwa kwamba anaweza kuja kumwombea mtoto wodini, bila moshi wala dawa ya kunywa. Muuguzi haulizi, "Kwa nini mlimpeleka kwa mganga?" Huuliza, "Amekunywa dawa gani nyingine, tusije tukamchanganyia?" Swali la kwanza huzaa uongo, la pili huzaa taarifa.

Jambo la kubadilisha ni uji ambao bibi ameuleta katika chupa. Mtoto asiye na fahamu akinyweshwa, uji huweza kuingia mapafuni. Lakini hofu ya bibi kuhusu njaa ina msingi, kwa kuwa malaria kali hushusha sukari ya damu. Muuguzi humweleza kwamba sukari huweza kupitishwa kwenye mshipa, na kwamba mtoto akiweza kuketi na kumeza, bibi mwenyewe ndiye atakayemlisha.

Kosa linalopaswa kuangaliwa zaidi wakati wa kutathmini ni mwanafunzi kuligeuza somo kuwa orodha ya tabia za makabila. Hutambulika anapotoa jibu kabla ya kuuliza. Kwa sababu hiyo, kisa hurudiwa kikiwa na bibi ambaye haogopi sindano hata kidogo, ila anauliza gharama. Anayeendelea kumtuliza kuhusu shetani amekariri utamaduni. Hajamsikiliza mtu aliye mbele yake.