Namna Mhispania Anavyokataa Mwaliko

Mtu wa Madridi anampigia simu rafiki yake. "¿Vienes el sábado a cenar?" anauliza, yaani utakuja Jumamosi tule chakula cha jioni? Kinapita kimya kifupi, kisha linakuja jibu: "Pues... a ver... el sábado..." Mwenye mwaliko hangoji amalize. Anadakia: "Bueno, si no puedes, no pasa nada." Kama huwezi, hakuna neno. Mwalikwa hajasema kwamba hawezi wala hajatoa udhuru wowote, lakini tayari wameshaelewana.

Maneno ya namna hii huitwa kwa Kihispania "muletillas", yaani vigongo vidogo, kana kwamba msemaji ni kiwete anayetafuta pa kuegemea. Walimu wa shule huwakemea wanafunzi wanaoyarudia mno, na mtu anayetia "bueno" katika kila sentensi kweli anachosha. Lakini wanaisimu waliokaa na kuchambua mazungumzo ya kawaida yaliyorekodiwa, kama kundi la Antonio Briz wa Chuo Kikuu cha Valensia, wameonyesha kwamba maneno haya yana kazi, na kila moja lina yake.

Tuanze na "pues". Asili yake ni neno la Kilatini "post", maana yake baada ya, na katika maandishi bado hutumika kwa maana ya "kwa kuwa". Mdomoni kazi yake ni nyingine. Likikaa mwanzoni mwa jibu, humwambia muulizaji: swali lako nimelisikia, na jibu langu linatokana nalo. Linalobaki huamuliwa na pumzi. Muulize mtu kama amefaulu mtihani. Akisema "Pues sí" kwa mkupuo mmoja, amefaulu, na huenda anakushangaa kwa kumtilia shaka. Akisema "Pueees..." huku akilivuta, jiandae kumpa pole. Ndiyo maana ya kile kimya cha kwenye simu. Mtu anayekubali mwaliko kwa kawaida hujibu papo hapo. Anayekawia ana jambo zito la kusema, na "pues" ndiyo inayolitangulia.

"A ver" maana yake ya asili ni "tuone". Mhispania hulitumia anapotaka kupanga mawazo mbele ya wenzake bila kunyang'anywa zamu ya kusema. Kwenye ule mwaliko, mwalikwa anajifanya kama anafungua kalenda kichwani: ngoja nitazame hiyo Jumamosi. Hata kama anajua fika kwamba hataenda, anaonyesha kwamba amejaribu, na heshima imetunzwa. Neno hilohilo, likitoka kwa mwalimu aliyeingia darasa lenye kelele, "¡A ver!", ni amri ya kunyamaza. Kwa kuwa herufi h haitamkwi na b na v hutoa sauti moja, "a ver" husikika sawasawa na kitenzi "haber", na kuyachanganya katika maandishi ni kosa ambalo Wahispania wenyewe hulifanya kila siku.

Linabaki "bueno", na hapa ndipo wageni wanapoumia. Kamusi inasema ni "nzuri". Ila likianza jibu, mara nyingi hupunguza: nakubali, lakini si yote. Ukiulizwa kama filamu ilikupendeza ukajibu "Bueno, sí", aliyekuuliza ataelewa kwamba haikukuvutia sana. Katika simu yetu, mwenye mwaliko analitumia kulegeza kamba. Anapokea kukataliwa kabla hakujatamkwa, ili mwenzake asilazimike kutunga uongo. Neno hilo pia hufunga mazungumzo. Wawili hao watamaliza kwa "Bueno, pues nada", maneno matatu ambayo ukiyatafsiri moja moja hayana kichwa wala miguu, lakini yanafanya kazi ileile ya "haya basi" yetu: hakuna la ziada, tuagane. Mwanafunzi asiyeijua ishara hiyo huanzisha habari mpya wakati mwenzake ameshaanza kukata simu.

Ukivuka bahari, mambo hubadilika. Meksiko, "¿Bueno?" ndilo neno la kupokelea simu, na halina shaka yoyote ndani yake. Chile wameikata "pues" ikawa "po" na kuipeleka mwishoni: "sí, po", "no, po". Mtu aliyejifunza Kihispania cha Madridi ataisikia siku nzima mjini Santiago kabla hajatambua kwamba ni neno analolijua.

Kwa hiyo ukialikwa kula kwa Wahispania na ukaulizwa chakula kikoje, usianze na "bueno", na usivute "pues". Sema "Muy rico" mara moja, bila kusita.