Ripoti ya Bekapu Isomwe Kila Asubuhi

Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayotunza kazi za waandika programu, alifuta data ya seva kuu akidhani yuko kwenye seva nyingine. Wenzake walipokimbilia bekapu za kila siku walikuta hakuna kitu. Programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo la 9.2 na kanzidata ilikuwa ya 9.6, kwa hiyo kazi ilikuwa inashindikana. Taarifa za kushindikana zilikuwa zikitumwa kwa barua pepe, lakini zilikataliwa njiani kwa kukosa uthibitisho wa mtumaji. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa takriban saa sita kabla ya ajali.

Hao walikuwa na wahandisi wa kudumu. Duka la jumla lenye seva moja na fundi wa kuitwa halina mtu wa kugundua kimya cha namna hiyo. Ndiyo maana ripoti inayotumwa mambo yakiharibika tu haitoshi. Inatakiwa ije kila siku, hata kukiwa shwari, ili siku isipokuja mwenye duka ajue kuna jambo.

Tuseme duka hilo linatumia SQL Server Express, toleo la bure ambalo programu nyingi za mauzo na stoo huliendea. Toleo hili halina kipanga ratiba chake, hivyo mafundi hutumia Task Scheduler ya Windows kuchukua bekapu usiku. Kila bekapu inayokamilika huandikwa ndani ya kanzidata ya mfumo iitwayo msdb, na hapo ndipo ripoti inapochota habari:

```sql
SELECT d.name,
  MAX(b.backup_finish_date) AS mwisho,
  DATEDIFF(HOUR, MAX(b.backup_finish_date),
           GETDATE()) AS saa
FROM sys.databases d
LEFT JOIN msdb.dbo.backupset b
  ON b.database_name = d.name AND b.type = 'D'
WHERE d.name <> 'tempdb'
GROUP BY d.name;
```

Herufi D ni bekapu kamili, na safu ya mwisho inaonyesha ni saa ngapi zimepita tangu ya mwisho ikamilike. Ikizidi 24 kwa kiasi cha kuonekana, bekapu ya jana haikufanyika, hata kama kuna ujumbe unaodai imefaulu. Lakini jicho la fundi mzuri hutua kwenye LEFT JOIN. Amri inaanza na orodha ya kanzidata zilizopo, kisha inatafuta bekapu zake. Ukianza na orodha ya bekapu, kanzidata ambayo haijawahi kuchukuliwa bekapu haitatokea kwenye ripoti kabisa.

Hilo hutokea hivi. Muuzaji wa programu anakuja kuweka toleo jipya, anahamisha data kutoka Duka kwenda Duka2, anaondoka. Kazi ya usiku inaendelea kuchukua Duka, na inafaulu kweli. Ripoti yetu itaonyesha Duka2 ikiwa na NULL, yaani haina bekapu hata moja.

Ushahidi wa pili ni ukubwa. Jedwali hilohilo la backupset lina backup_size, kwa baiti. Gawanya kwa 1048576 upate MB. Duka itasoma MB 7,900 leo, kesho, hata wiki ijayo. Kanzidata ya duka linalouza kila siku haiwezi kuganda hivyo. Kwa maoni yangu, safu ya ukubwa ina thamani kuliko neno «imefaulu», kwa sababu inaonyesha kama kilichohifadhiwa ndicho kinachotumika.

Ukubwa huohuo unakupa muda wa kujiandaa. Hadi toleo la 2022, Express hairuhusu faili za data za kanzidata moja kupita MB 10,240. Tuseme bekapu sasa imerekebishwa, na Duka2 imetoka 7,900 hadi 8,140 ndani ya siku 30. Hiyo ni MB 8 kwa siku. Zimebaki 2,100, yaani takriban miezi tisa kabla mfumo haujakataa kuingiza mauzo mapya. Ukiona siku moja imeruka MB 300, uliza nani ameanza kuweka picha za risiti ndani ya mfumo.

Ripoti hii ina mpaka wake. msdb inasema bekapu iliandikwa. Haisemi kama faili bado lipo wala kama linafunguka. Mara moja kwa mwezi fundi arejeshe bekapu ya karibuni kwenye kompyuta nyingine, afungue mauzo ya siku ya mwisho, ayalinganishe na vitabu. Na ripoti ikipangwa kufika saa moja asubuhi, ikiwa hadi saa tatu haijaingia, mpigie fundi siku hiyohiyo.