Kidole kinafungua simu, programu ya benki inakikataa

Mchukue fundi mwashi ambaye saruji imemla ncha za vidole hadi simu yake ya Android ikaacha kumtambua. Anaingia kwenye mipangilio, anafuta alama za zamani na kusajili upya dole gumba lilelile. Simu inafunguka bila shida. Lakini programu ya benki, aliyoizoea kuifungua kwa kidole, sasa inamtaka namba ya siri.

Wengi hudhani kihisio kimeharibika. Kama kidole kinafungua skrini, kihisio ni kizima. Kilichokufa ni ufunguo.

Kwa kawaida benki haina alama ya kidole chako. Siku ulipokubali kuingia kwa kidole, programu iliiomba simu itengeneze ufunguo wa kidijitali na kuufungia katika hifadhi ya ndani, ambako hata programu yenyewe haiwezi kuutoa. Kidole kinaruhusu tu ufunguo huo utumike. Kwenye Android, ufunguo wa aina hii hubatilika alama mpya inaposajiliwa au zote zinapofutwa, isipokuwa watengenezaji wa programu wameagiza vinginevyo. Simu haiulizi alama mpya ni ya nani. Dole gumba lilelile, likisajiliwa upya, ni geni kwake. Kwenye iPhone, programu iliyochagua ulinzi wa namna hiyo hupoteza ufunguo hata ukifuta alama moja tu.

Usumbufu huu una sababu nzito. Anayeijua namba ya kufungulia skrini yako, awe ndugu au mwizi aliyekuchungulia kwenye daladala, anaweza kusajili kidole chake simuni. Ufunguo wa zamani ungebaki hai, kidole hicho kingefika moja kwa moja kwenye akaunti yako.

Kuzima na kuwasha simu hakusaidii, wala kufuta alama mpya hakuufufui ufunguo. Ingia kwa namba ya siri ya benki, nenda kwenye mipangilio ya programu, zima kuingia kwa kidole, kisha uwashe tena ili ufunguo mpya utengenezwe. Usikimbilie kuiondoa programu, kwani huenda ukalazimika kuthibitisha laini yako upya.

Programu nyingine hazisemi kilichotokea. Zinarudia “Jaribu tena” au zinajifunga, na hapo lawama ni ya watengenezaji: Android huwapa taarifa ya wazi kwamba ufunguo umebatilika, nao wanapaswa kumweleza mteja kwa maneno anayoyaelewa.

Na kama wewe hukusajili kidole chochote, usiwashe kitu kwanza. Fungua orodha ya alama kwenye mipangilio ya simu, futa usiyoijua, badilisha namba ya skrini na ya benki, kisha ipigie benki ikague miamala ya karibuni.