Etha Ileile, Dhamana Mara Tatu

Mtandao wa Ethereum hulindwa na rehani. Tangu Septemba 2022, anayetaka kuwa mthibitishaji wa miamala huweka etha 32 na kuendesha kompyuta iliyounganishwa na mtandao saa zote. Akifanya kazi yake sawasawa, hulipwa etha kidogo kidogo. Akisaini taarifa mbili zinazopingana, mfumo wenyewe humkata sehemu ya rehani na kumtoa katika orodha. Wizi hauna faida pale ambapo mwizi atapoteza zaidi ya atakachopata, na hesabu hiyo ndiyo nguzo ya usalama wa mtandao mzima.

Rehani hii ina kero mbili. Etha 32 ni fedha nyingi kwa mtu wa kawaida, na fedha iliyofungwa haiwezi kufanya kazi nyingine. Hadi Aprili 2023 hapakuwa hata na njia ya kuitoa. Pengo hilo lilizibwa na huduma kama Lido, iliyoanza Desemba 2020. Lido hupokea kiasi chochote cha etha, hukusanya michango ya watu wengi na kuikabidhi kwa waendeshaji wa kompyuta za uthibitishaji. Mwenye fedha hupewa tokeni iitwayo stETH, moja kwa kila etha aliyoweka. Malipo yanapoingia, Lido hubakiza asilimia 10 yake, na kinachosalia huongeza salio la stETH kila siku. Tokeni hiyo ni stakabadhi inayotembea: inauzwa sokoni, inatumwa kwa mtu mwingine, inawekwa kama dhamana ya mkopo, huku etha iliyo nyuma yake ikiendelea kulinda mtandao.

Hapa ndipo hatari ya kwanza inapoingia, na mara nyingi haionekani. Stakabadhi ina bei mbili. Ya kwanza ni ya daftari, yaani kiasi cha etha kilichohifadhiwa nyuma yake. Ya pili ni ya soko, yaani kile ambacho mnunuzi yuko tayari kutoa leo. Siku za kawaida bei hizo hukaribiana sana. Zinapoachana, kinachozirudisha pamoja ni mlango wa kutokea: mtu akiweza kununua stakabadhi kwa bei ya chini na kuikomboa kwa etha kamili, atafanya hivyo hadi tofauti iishe. Mlango ukiwa umefungwa, hakuna wa kuivuta bei irudi. Juni 2022, baada ya kuanguka kwa mfumo wa Terra, kampuni za mikopo zilizokuwa na stETH nyingi zilihitaji fedha haraka, nayo stETH ikashuka hadi karibu 0.95 ya etha. Tarehe 12 mwezi huo kampuni ya Celsius ilisitisha wateja wake kutoa fedha. Daftarini hakukuwa na etha iliyopotea. Kilichokosekana ni muda wa kungoja.

Hata sasa, mlango ukiwa wazi, ni mwembamba. Ethereum huruhusu kiasi fulani tu cha etha kutoka kwa siku, ili walinzi wake wasiondoke wote kwa pamoja. Foleni ya kutoka ilipita siku 40 mnamo Septemba 2025.

Juu ya msingi huu likajengwa ghorofa la pili. Mradi wa EigenLayer, ulioasisiwa na Sreeram Kannan aliyekuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Washington, ulianza kupokea amana Juni 2023. Wazo lake ni kwamba rehani iliyokwisha kuwekwa kwa Ethereum inaweza kuahidiwa pia kwa huduma nyingine zinazohitaji ulinzi, kama vile madaraja ya kuhamisha sarafu kati ya mitandao au hifadhi za data. Mwenye rehani hupata malipo ya ziada, na kwa kufanya hivyo hukubali masharti mapya ya kukatwa. Ni sawa na hati moja ya kiwanja kuwekwa rehani kwa wakopeshaji watatu: kila mmoja akiitazama peke yake anaiona inamtosha.

Hesabu ndogo inaonyesha tatizo. Tuseme waendeshaji wameweka etha 100 na kuziahidi zote kwa huduma tatu, na kila huduma inalinda mali ya etha 60. Huduma ya kwanza inajiona salama, kwa kuwa wa kuiba 60 atapoteza 100. Ya pili na ya tatu zinaona vivyo hivyo. Lakini waendeshaji wakila njama na kuzishambulia zote kwa wakati mmoja, watapata etha 180 na kupoteza 100 tu. Usalama uliohesabiwa mara tatu ulikuwepo mara moja.

Hatari nyingine haihitaji mwizi. Programu ya huduma changa inaweza kuwa na kasoro inayomkata mwendeshaji mwaminifu, na pigo hilo humfikia aliyeweka etha yake bila kujua ni huduma zipi zimechaguliwa kwa niaba yake. Kila ghorofa huongeza mkataba mwingine wa kiprogramu unaoweza kuwa na tundu.

Ghorofa la tatu likafuata: stakabadhi za rehani iliyorudiwa, kama ezETH ya Renzo. Wengi walizizungusha. Mtu mwenye etha 10 hupata stakabadhi, huiweka dhamana, hukopa etha, hununua stakabadhi nyingine, na hurudia hadi awe na dhamana ya 50 na deni la 40. Bei ya stakabadhi ikishuka kwa asilimia 10, dhamana hubaki na thamani ya 45, na nusu ya mtaji wake imekwenda. Kwa kawaida hafiki hapo, kwani mfumo wa mkopo huiuza dhamana mapema ili deni lisikose kulipwa.

Tarehe 24 Aprili 2024 jambo hilo lilitokea. Renzo walikuwa wametangaza mpango wa kugawa tokeni yao mpya, na wengi hawakuridhika na mgao. Wakakimbilia kuuza. Wakati huo Renzo walikuwa bado hawajafungua njia ya kukomboa ezETH, kwa hiyo njia pekee ilikuwa sokoni, ambako etha ya kununulia ilikuwa chache. Katika soko la Uniswap bei ilidondoka kwa muda mfupi hadi karibu dola 700, ilhali etha ilikuwa juu ya dola 3,000. Mikopo ya waliokuwa wamezungusha ikafungwa kwa nguvu, dhamana zao zikamwagwa sokoni, na kila mauzo yakaisukuma bei chini zaidi. Baadaye bei ilipanda, lakini waliouziwa dhamana zao hawakurudishiwa kitu. Etha za msingi hazikuguswa hata moja.

Dalili za mkao huo huonekana kabla ya dhoruba: stakabadhi isiyoweza kukombolewa, kiasi kidogo cha etha katika soko lake, na sehemu kubwa ya tokeni zake kukaa katika mifumo ya mikopo badala ya mikononi mwa watu. Mkopo unaopima dhamana kwa bei ya soko hufunga upesi. Unaopima kwa bei ya daftari humvumilia mkopaji, ila hasara ikiwa ya kweli humwangukia aliyekopesha.

Adhabu za EigenLayer zenyewe zilianza kufanya kazi tarehe 17 Aprili 2025 tu. Kabla ya hapo huduma hazikuwa na uwezo wa kumkata mtu. Mfumo ulioanza siku hiyo humtaka mwendeshaji aigawe rehani yake mafungu, na kila fungu liweze kukatwa na kundi moja tu la kazi. Hilo linapunguza tatizo la etha 100 kulinda 180, ingawa etha ileile bado inaweza kukatwa na Ethereum yenyewe, na mgawo huo hauwahusu waliozungusha mikopo. Vitalik Buterin, mwasisi wa Ethereum, aligusa upande mwingine Mei 2023: huduma ikianguka na hasara ikawa kubwa mno, wenye fedha wanaweza kushinikiza mtandao mzima ubadilishe kumbukumbu zake ili kuwaokoa, na hapo kosa la huduma moja lingekuwa mzigo wa hata wale ambao hawakuweka rehani yao mara ya pili.