Mapishi ya pilau au jinsi ya kupika pilau?

Makala imekamilika: nyama imeelezwa, viungo vimepimwa, picha ya sinia imepatikana. Kilichobaki ni kichwa. Mwandishi anaweza kuanza na "Mapishi ya pilau" au "Jinsi ya kupika pilau", na vyote viwili ni Kiswahili safi. Lakini msomaji anayetafuta kwa simu akiwa jikoni ataandika kimojawapo, na makala yenye maneno aliyoyaandika ina nafasi nzuri zaidi ya kumfikia. Kabla ya kuchagua kwa kubahatisha, inafaa kuangalia maneno yote mawili yamekuwa yakitafutwaje kwa miaka kadhaa. Google Trends huonyesha hilo bure, bila kujisajili, kwa takwimu zinazorudi nyuma hadi 2004.

Fungua trends.google.com, andika kifungu cha kwanza, kisha ongeza cha pili ili mistari yote miwili ichorwe kwenye grafu moja. Jambo la kwanza kurekebisha ni nchi. Ukiacha dunia nzima, neno "pilau" litakuletea pia Waingereza wanaotafuta wali wa pilau wa mikahawa ya Kihindi, ambao hawahusiani na makala yako. Chagua Tanzania, utazame, kisha uchague Kenya na utazame tena. Nchi hizi mbili hazitafuti kwa namna moja, hivyo mshindi wa Dar es Salaam huenda akashindwa Mombasa. Kama gazeti lako linasomwa pande zote mbili, grafu mbili ni bora kuliko moja iliyochanganywa.

Kisha tazama namba zilizo pembeni, zinazoanzia 0 hadi 100. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa kudhani 100 ni idadi ya watu. Namba hiyo ni kilele tu: ni wakati ambao mmoja wa mistari hiyo miwili ulifika juu kuliko wakati mwingine wowote katika kipindi na nchi uliyochagua. Kila nukta nyingine hupimwa dhidi ya kilele hicho. Tuseme katika wiki fulani "kupika pilau" imesimama kwenye 60 na "mapishi pilau" kwenye 30. Maana yake ni kwamba wiki hiyo kifungu cha kwanza kilitafutwa takribani mara mbili ya cha pili, basi. Huwezi kujua kama ni watu sitini au elfu sitini. Wala huwezi kuichukua 60 hiyo ukailinganisha na 60 ya grafu uliyoichora jana ukitumia maneno mengine, kwa sababu kilele kimebadilika na kipimo kimebadilika nacho.

Kila nukta pia ni sehemu ya utafutaji wote wa nchi hiyo kwa wakati huo. Watumiaji wa intaneti wameongezeka sana tangu 2004, na siku hizi wanatafuta mambo mengi zaidi. Mstari unaweza kushuka taratibu kwa miaka kumi huku idadi halisi ya wanaotafuta pilau ikipanda. Kwa hiyo usikimbilie kusema kwamba kifungu fulani kimekufa kwa sababu mstari wake umeshuka. Angalia kwanza kama mwenzake ameshuka naye. Kinachokusaidia kuchagua kichwa ni umbali kati ya mistari miwili na jinsi umbali huo unavyoongezeka au kupungua.

Uandishi wa vifungu vyenyewe unahitaji uangalifu. Ukiandika maneno bila alama za usemi, chombo huhesabu utafutaji wowote wenye maneno hayo yote, hata yakibadilishana nafasi au yakiongezwa mengine. Hivyo kulinganisha "pilau" na "mapishi ya pilau" hakuna maana, kwani la kwanza limeshamjumuisha la pili na litashinda daima. Vifungu virefu navyo vina tatizo lake: katika lugha ambayo utafutaji wake si mwingi sana, mstari huanguka kwenye 0 wiki baada ya wiki. Hiyo sifuri haisemi kwamba hakuna aliyetafuta, bali kwamba waliotafuta ni wachache mno kuweza kuchorwa. Ndiyo maana mimi huanza na kiini kifupi cha kila upande:

```
mapishi pilau
kupika pilau
```

"Jinsi ya" nimeiacha makusudi, kwa kuwa yeyote aliyeandika "jinsi ya kupika pilau" ameshahesabiwa kwenye mstari wa pili. Tahajia ni suala jingine. Aliyeandika "pilao" hahesabiwi pamoja na aliyeandika "pilau", lakini alama ya kujumlisha huwaunganisha: `kupika pilau + kupika pilao`.

Sasa wakati. Watu wengi huridhika na miezi 12 iliyopita, na kwa chakula cha sikukuu hilo ni kosa, kwa sababu Idi inahama. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa kawaida kwa siku kumi au kumi na moja. Idi el-Fitri ya 2024 iliangukia tarehe 10 Aprili, na ya 2025 ikawa tarehe 31 Machi. Aliyefungua grafu ya miezi 12 katika wiki ya kwanza ya Aprili 2025 alikuwa na Idi mbili ndani ya dirisha moja. Kifungu kinachopanda wakati wa sikukuu kilijipatia nyongeza ambacho kile kinachotafutwa mwaka mzima hakikuipata, na wastani unaoonyeshwa kando ya grafu ukaegemea upande mmoja. Chagua miaka mitano, weka kalenda ya Idi na ya Krismasi mezani, kisha uulize kila kilele kimesimama juu ya siku gani. Kifungu chenye vilele virefu na mabonde matupu kinakifaa kichwa cha makala ya msimu. Chenye mstari wa chini usiokatika kinaifaa makala unayotaka isomwe hata Oktoba.

Ukirudi nyuma zaidi ya miaka mitano, utakuta alama kwenye grafu mwanzoni mwa 2016 na 2022, inayoeleza kwamba namna ya kukusanya takwimu iliboreshwa. Mruko unaoanzia hapo hapo usiuhesabu kuwa mabadiliko ya wapishi. Nukta ya mwisho kabisa, inayochorwa kwa vidoti, ni kipindi ambacho hakijaisha, nayo pia uiache.

Kuna jaribio moja ambalo halipaswi kurukwa. Takwimu hizi hutokana na sampuli ya utafutaji, si utafutaji wote, na kwa maneno yanayotafutwa na wachache sampuli hucheza. Chora grafu ile ile kesho na keshokutwa. Kama "kupika pilau" iko juu kila mara, na katika sehemu kubwa ya miaka mitano, tofauti hiyo ni ya kweli. Kama mistari inabadilishana nafasi kutoka siku hadi siku, hakuna mshindi. Vilevile badilisha chaguo la Web Search liwe YouTube Search, maana upishi watu wengi hupenda kuutazama, na ukiwa unaandaa video, grafu hiyo ya pili ndiyo yako.

Mistari ikikabana, naamua kwa kuitazama makala yenyewe. Inayomwongoza msomaji hatua kwa hatua, kuanzia kukaanga vitunguu hadi kupalia makaa juu ya kifuniko, huanza na "Jinsi ya kupika pilau". Inayokusanya pilau ya nyama, ya kuku na ya njegere pamoja huanza na "Mapishi ya pilau". Kifungu kilichokosa kichwa hupewa nafasi katika sentensi ya kwanza, na makala hutoka Ramadhani ikiwa bado inaendelea, kabla utafutaji haujafika kileleni.